Kuvunjika kwa ndoa si sawa na kosa la mwenzi

Sababu ya talaka, kwa maana ya kisheria, ni lile jambo ambalo mahakama ni lazima iridhike kwamba lipo ndipo iivunje ndoa. Mtu anaweza kuwa na mambo mengi yaliyomchosha katika ndoa yake, lakini mahakama huangalia tu kama jambo linalotajwa na sheria limethibitishwa. Katika sheria za nchi nyingi jambo hilo ni mojawapo ya haya mawili: kosa la mwenzi mmoja, au kuvunjika kwa ndoa kiasi cha kutorekebishika.

Anayedai kosa anathibitisha tendo. Anataja uzinzi, ukatili au kutelekezwa, anaeleza lilitokea lini, na analeta ushahidi kwamba aliyelitenda ni mwenzake. Chini ya sheria za zamani za Uingereza hilo pekee halikutosha, kwa kuwa madai yangeweza pia kuanguka ikionekana kwamba mwombaji aliliridhia tendo hilo au alilisamehe. Mke aliyegundua uzinzi wa mumewe, akamsamehe na kurudi kuishi naye, aliweza kunyimwa talaka kwa uzinzi uleule, na hivyo jaribio la kweli la kupatana likawa hatari kwa kesi yake. Naye mwenye kosa hakuweza kulitumia kosa lake mwenyewe kuomba talaka.

Anayedai kwamba ndoa imevunjika anathibitisha hali. Mahakama haiulizi tena ni nani alifanya nini, bali inauliza iwapo wawili hawa, kama walivyo leo, wana matumaini yoyote ya kurudiana kama mume na mke. Jibu linaweza kuwa hapana bila mtu yeyote kuwa na kosa, na mwombaji anaweza kuwa ndiye mwenye kosa. Vilevile kosa linaweza kuwepo na ndoa ikawa bado hai, kama pale uzinzi ulipotokea, wawili wakazungumza, na wakaendelea kuishi pamoja kwa amani.

Ugumu hutokea pale sheria inapochanganya njia hizi mbili, na nadhani hapo ndipo watu wengi hupotea. Sheria ya Uingereza na Wales ya mwaka 1969, iliyoanza kutumika 1971, ilisema kwamba sababu ya talaka ni moja tu, yaani kuvunjika kwa ndoa kusikorekebishika, lakini ikataka kuvunjika huko kuthibitishwe kwa mojawapo ya mambo matano: uzinzi, mwenendo usiovumilika, kutelekezwa kwa miaka 2, kutengana kwa miaka 2 ikiwa mwenzi anakubali talaka, au kutengana kwa miaka 5 hata asipokubali.

Mwaka 2015 mke mmoja aliyefunga ndoa mwaka 1978 aliondoka nyumbani, na miezi michache baadaye akaomba talaka kwa msingi wa mwenendo wa mumewe. Mume alipinga. Mke alitaja matukio 27 ya kukemewa na kudharauliwa. Jaji alikubali kwamba ndoa ilikuwa imevunjika, lakini akayaona matukio hayo kuwa madogo mno kuthibitisha mwenendo ambao mke hangeweza kutarajiwa kuuvumilia, akakataa ombi. Mahakama ya Juu nayo ilikataa rufaa mwezi Julai 2018, ikisema kwamba sheria ndivyo ilivyoandikwa. Ndoa ilikuwa imekufa na mahakama ilikubali hivyo, lakini mwanamke huyo, kwa kuwa mumewe hakukubali talaka, alibaki ameolewa mpaka miaka 5 ya kutengana itimie, mwaka 2020. Kwangu mimi hukumu hiyo ni ngumu kuisoma bila kumhurumia, ingawa kisheria ilikuwa sahihi.

Tangu tarehe 6 Aprili 2022 mambo hayo matano hayatumiki tena huko. Mwenzi mmoja, au wote wawili kwa pamoja, hutoa tamko la maandishi kwamba ndoa imevunjika, na mahakama hulipokea tamko hilo kama ushahidi wa mwisho. Kinachosubiriwa ni muda: wiki 20 kabla ya kuomba amri ya kwanza, kisha wiki 6 kabla ya amri ya mwisho.

Australia ilichagua njia nyingine katika sheria yake ya mwaka 1975. Kuvunjika kwa ndoa huthibitishwa kwa kutengana miezi 12, na wawili wanaweza kuhesabiwa wametengana hata wakiishi chini ya paa moja, mradi ushahidi uonyeshe kwamba maisha ya ndoa yamekwisha. Wakijaribu kurudiana mara moja kwa muda usiozidi miezi 3 na ikashindikana, miezi waliyokwisha kutengana haifutwi, bali huunganishwa na ile inayofuata. Jaribio la kupatana, ambalo chini ya sheria ya makosa lingeweza kuua kesi, hapa halimgharimu mtu haki yake.

Hata hivyo, kuondolewa kwa kosa katika sababu ya talaka hakumaanishi kwamba kipigo hakisikilizwi tena mahakamani. Ushahidi wa ukatili hupelekwa katika maombi ya amri ya ulinzi na katika shauri la malezi ya watoto, na huko bado ni lazima uthibitishwe, tukio kwa tukio.