FM inakwaruza, DAB inanyamaza

Mteja aliniletea gari lake lenye redio ya FM na DAB, yaani redio ya kidijitali, akasema, "Fundi, FM inapiga safi, ila DAB inakatika kila baada ya dakika mbili. Redio imekufa?" Redio ilikuwa nzima. Kilichokuwa kibovu ni mahali pa antena.

Umewahi kusimama kwenye foleni FM ikaanza kukwaruza, ukasogea kama mita moja ikatulia? Wimbi la FM lina urefu wa mita 3 hivi. Linalotoka mnarani hukutana na mwangwi wake, yaani mwenzake aliyegonga jengo, na penye kupingana yanadhoofishana. Sauti inachakaa, lakini bado unamwelewa mtangazaji.

DAB haijali sana mwangwi huo. Data yake imetawanywa kwenye mawimbi madogo 1,536, na mwangwi ukichelewa kwa chini ya mikrosekunde 246, redio huutumia kama msaada. Shida yake ni mawimbi yakiwa dhaifu. Makosa yakizidi uwezo wa redio kuyasahihisha, inabwabwaja kama uji unaotokota, kisha kimya. Haina mkwaruzo wa kukuonya mapema, ndiyo maana watu hudhani imeharibika.

Sasa antena. FM ya gari hili ilitoka kwenye fimbo iliyo nyuma ya paa, na bati la paa ni nusu ya pili ya antena hiyo. DAB, inayotumia megahezi 174 hadi 240, ilikuwa na antena ya utando iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele. Utando hauna paa chini yake, kwa hiyo huja na kipande cha utepe wa metali cha kubandika kwenye bodi. Aliyeifunga alikibandika juu ya plastiki inayofunika nguzo ya kioo. Kwa macho kazi ilikuwa nadhifu kabisa! Nikavua plastiki, nikafuta vumbi, nikakibandika kwenye chuma chenyewe.

Ikaimarika, lakini bado ilikatika mara mojamoja. Nikachomoa waya wa umeme wa kamera ya dashibodi, na stesheni iliyokuwa imepotea ikarudi. Kamera ilikuwa kiganja kimoja tu kutoka kwenye utando, na umeme wake ulikuwa ukirusha kelele kwenye masafa hayohayo. FM haikuiona kelele hiyo kwa sababu antena yake iko mbali, nyuma. Niliihamishia kamera upande wa pili wa kioo, waya wake nikaupitisha mbali na utando.

Kwa hiyo kabla ya kununua redio mpya, simama pale DAB inapokatika, uchomoe chaja na kamera moja baada ya nyingine. Ikirudi, umempata mwizi. Isiporudi, kagua ule utepe. Na kama kioo chako kina tabaka la metali la kuzuia joto, usihangaike na utando. Funga antena ya DAB juu ya paa.