Notisi ya ajenti mpya wa nyumba: inabadilisha nini, haibadilishi nini

Notisi ya kubadilisha ajenti ni barua inayomwarifu mpangaji mambo mawili: kwamba mwenye nyumba amemwondoa aliyekuwa akimkusanyia kodi na kumweka mwingine, na kwamba kodi sasa itapitia kwingine. Jijini Nairobi, huko kwingine huwa mara nyingi ni nambari mpya ya Pay Bill ya M-PESA. Hubandikwa getini, husukumwa chini ya mlango, au keateka huipiga picha na kuitupa kwenye grupu ya WhatsApp ya ploti.

Swali la kwanza la kujiuliza ni nani ameitia sahihi. Deni la kodi mpangaji analo kwa mwenye nyumba. Ajenti hulipokea kwa niaba yake, na ruhusa hiyo ya kupokea hutoka kwa mwenye nyumba peke yake. Ndiyo maana barua iliyoandikwa na ajenti mpya tu, ikisema "sisi ndio tunaosimamia kuanzia sasa", bado ni madai yake mwenyewe, hata ikiwa na nembo na muhuri. Barua yenye nguvu ni ile iliyotiwa sahihi na mwenye nyumba, au na ajenti wa zamani anayekabidhi kazi. Ikiwa na sahihi zote mbili ni bora zaidi, kwa sababu hapo hakuna atakayegeuka baadaye kusema hakuhusika. Ukipata ya ajenti mpya peke yake, mpigie mwenye nyumba au ajenti wa zamani kwa nambari uliyokuwa nayo tangu zamani. Usipige ile iliyoandikwa kwenye barua yenyewe, maana aliyetunga barua ya uongo hatakosa kuweka mtu wa kuipokea simu.

Kenya pia ina Sheria ya Mawakala wa Nyumba, Sura ya 533, inayotaka anayefanya kazi ya kupangisha na kusimamia nyumba za watu awe amesajiliwa na bodi ya mawakala. Unaweza kumuuliza ajenti nambari yake ya usajili. Lakini usajili unaonyesha tu kwamba anaruhusiwa kufanya kazi hiyo. Kama amepewa ploti yako, hilo utalijua kwa mwenye nyumba.

Swali la pili ni tarehe, na hapa ndipo ugomvi mwingi huzuka. Kanuni ya uwakala ni kwamba mpangaji aliyezoea kumlipa ajenti fulani ana haki ya kuendelea kumlipa mpaka aarifiwe kwamba ajenti huyo ameondolewa. Alicholipa kabla ya kuarifiwa kimehesabika. Akishaarifiwa, akilipa kule kwa zamani analipa kwa hatari yake.

Tuseme nyumba B7 kodi yake ni shilingi 14,000, na hulipwa kabla ya tarehe 5. Mpangaji wake alilipa kodi ya Oktoba tarehe 28 Septemba kwa nambari ya zamani, na notisi ikamfikia tarehe 29. Tarehe 6 Oktoba ajenti mpya anamtumia ujumbe kwamba B7 haijalipa. Mpangaji huyu hana deni. Ujumbe wa M-PESA wa tarehe 28 unatosha kuonyesha kwamba alimlipa mtu aliyekuwa bado na ruhusa kwa kadiri alivyojua yeye. Hizo 14,000 sasa ni hesabu kati ya mwenye nyumba na maajenti wake wawili, na yeye asikubali kuambiwa "lipa kwanza, tutakurudishia tukizipata".

Jirani yake wa B9 alipata notisi siku hiyohiyo, lakini tarehe 3 Oktoba akalipa kwa nambari iliyokuwa imehifadhiwa kwenye simu. Huyu ana kazi. Inabidi amwandikie ajenti wa zamani, ajenti mpya na mwenye nyumba kwa pamoja, awawekee ule ujumbe wa malipo, na aombe pesa zipelekwe kwa mwenye nyumba. Zikipelekwa, mambo yameisha. Zisipopelekwa, mwenye nyumba anaweza kumdai tena, naye abaki kumfuata ajenti wa zamani mwenyewe. Jambo hili huwapata sana wanaolipiwa kodi na mtu wa mbali: mtoto aliye Doha hutuma pesa za nyumba ya mama kila mwezi, na karatasi ya getini haijamfikia.

Kwa sababu hiyo, andika siku uliyoipata notisi, au jibu kwenye grupu "nimeipata leo". Mstari huo mmoja unaokoa mabishano mengi.

Sasa njia yenyewe ya kulipa. Pay Bill ina nambari mbili: ya biashara, ambayo ni moja kwa wapangaji wote, na ya akaunti, ambayo kwa kawaida ndiyo inayosema ni nyumba gani imelipa. Ukikosea ya akaunti, ukaandika B1 badala ya B7, pesa zinaweza kuingia kwa ajenti vizuri kabisa huku jina lako likibaki kwenye orodha ya wasiolipa. Hilo hurekebishwa kwa kumpelekea ujumbe wa malipo. Baya zaidi ni kukosea nambari ya biashara. Kwa hiyo soma jina la mpokeaji kabla hujathibitisha, ulilinganishe na lililo kwenye notisi. Pay Bill ikiwa ya benki, huenda ukaona jina la benki tu, na hapo nambari ya akaunti ndiyo inayobeba kila kitu, basi ihakikishe tarakimu kwa tarakimu.

Notisi inayokutaka utume kodi kwa nambari ya simu ya mtu binafsi "kwa muda tu, Pay Bill inatengenezwa" itilie shaka. Ukishatuma kimakosa, unaweza kupeleka ule ujumbe wa M-PESA kwa 456 kuomba pesa zirudishwe, ila mpokeaji akiwa ameshazitoa hakuna cha kurudisha, na tapeli hazilazi.

Kuna mambo ambayo notisi hii haiyagusi. Kodi haipandi kwa sababu ajenti amebadilika. Kupandisha kodi ni jambo lake lenyewe, lina utaratibu wake katika mkataba. Mkataba wako unaendelea na huhitaji kutia sahihi mpya ili ubaki. Ukiletewa fomu, isome kama ni ya kuchukua majina na simu tu, au kama ni mkataba mpya wenye masharti mengine umevishwa jina la fomu.

Dipoziti ndiyo husahaulika. Uliilipa kwa ajenti wa zamani, naye alipokea kwa niaba ya mwenye nyumba, kwa hiyo mwenye nyumba ndiye anayewajibika kuirudisha utakapohama. "Sisi hatukukabidhiwa dipoziti" si jibu la kumpa mpangaji. Lakini miaka miwili baadaye risiti ikiwa imepotea, utathibitisha vipi? Wiki hiyohiyo ya notisi, mwandikie ajenti mpya: nyumba yako, dipoziti uliyoweka, mwezi wa mwisho uliolipia, na kwamba huna malimbikizo. Mwombe ajibu kwa maandishi kwamba rekodi zake zinasema hivyo. Akijibu kwamba kitabu alichopewa kinaonyesha deni, bora ulijue sasa, ajenti wa zamani akiwa bado anapokea simu.