Puli ya opsheni inakatwa kwa nani? Hesabu ya kepu tebo, mfano wa Moshi

Kepu tebo ni jedwali la nani ana hisa ngapi kwenye kampuni. Mfano wenyewe ni huu, namba nimezilainisha kidogo ili zikokotoleke kirahisi. Faunda wawili hapa Moshi wana kampuni ya programu inayorekodi kahawa mkulima anayoleta kwenye chama cha ushirika, AMCOS. Dada ndo mwandishi wa programu, ana hisa 600,000, kaka anazunguka vijijini kuuza, ana 400,000. Jumla milioni moja, yani 60 kwa 40, hapo hakuna wa kubishana.

Sasa kaja mwekezaji. Anasema kampuni naithaminisha milioni 800 kabla ya hela yangu, naweka milioni 200, thamani baada ya hela bilioni moja, kwahiyo nachukua asilimia 20. Halafu mstari wa chini kabisa kwenye karatasi ya masharti: puli ya opsheni, yani hisa zinazotengwa ili wafanyakazi waje kuzinunua baadaye, iwe asilimia 10 ya hisa zote baada ya raundi hii ya uwekezaji, na ihesabiwe ndani ya ile milioni 800.

Huo mstari wengi wanaupita tu kama tangazo la basi pale stendi, wakati ndo wenye hela.

Kaka alipiga hesabu yake haraka: tunatoa 20 na 10, jumla 30, tugawane wawili, kila mtu anapoteza 15, basi dada 45 na mimi 25. Hapana mdogo wangu, haiendi hivyo. Hisa zenu haziguswi, dada atabaki na zake 600,000 na wewe 400,000, kinachotokea ni kwamba zinatolewa hisa mpya na jumla inakuwa kubwa. Kwahiyo kila mmoja anapungua kwa uwiano uleule: dada 60 mara 0.70 ni 42, kaka 40 mara 0.70 ni 28.

Hisa mpya ni ngapi? Usichukue asilimia 10 ya ile milioni moja ukasema puli ni hisa 100,000, maana mwekezaji akishaingia hizo zitakuwa kama asilimia 7.3 tu ya jumla na atakurudishia shiti yako. Anza na mwisho: faunda watabaki na asilimia 70, na hizo 70 ndo hisa milioni moja. Kwenye shiti unaandika:

```
=1000000/(1-0.20-0.10)
```

Inakuja 1,428,571. Mwekezaji anapata 285,714, puli 142,857. Bei ya hisa ni milioni 800 gawanya kwa hisa za faunda pamoja na puli, inakuja shilingi 700.

Rudi nyuma sasa. Bila puli bei ingekuwa 800. Hisa za faunda ni zilezile milioni moja lakini kwa 700 zina thamani ya milioni 700, sio 800. Ile milioni 100 ya puli imetoka kwao peke yao, mwekezaji hajachangia hata senti, asilimia 20 yake iko palepale.

Puli ikitengenezwa baada ya hela kuingia mambo yanabadilika. Kwanza dada 48, kaka 32, mwekezaji 20, kisha puli ya 10 inawapunguza wote watatu: 43.2, 28.8 na 18. Wawekezaji wengi hawakubali hivyo, na mi sishauri mtu apoteze nguvu zake hapo. Bora kubishania ukubwa wa puli. Andikeni mnaajiri nani miezi 18 ijayo na kila mmoja mtampa ngapi. Hawa wakijumlisha waliona 5 inatosha, na kwa 5 bei inapanda hadi 750, dada anabaki na 45, kaka 30.

Kingine, hizo asilimia zote zinahesabu puli kama vile hisa zake zimeshatolewa. Kwenye kura sio hivyo, opsheni haipigi kura mpaka mwenye nayo ainunue iwe hisa kweli. Kwenye ile puli ya 10, siku ya kwanza hisa zenye kura ni 1,285,714, faunda wakiwa pamoja wana asilimia 77.8. Azimio maalum kwa sheria yetu ya makampuni linataka robo tatu ya kura, kwahiyo leo wanalipitisha wenyewe hata mwekezaji akikataa. Wafanyakazi wakishanunua opsheni zao zote faunda wanashuka hadi 70, hapo itabidi wamuombe mtu. Kwahiyo nilitengeneza safu mbili kwenye ile tebo, moja ya umiliki na nyingine ya kura, na dada akaona kwamba peke yake hafiki nusu kwenye yoyote: 42 huku, 46.7 kule, kabla ya raundi alikuwa anaamua mambo ya kawaida bila kumuuliza kaka.