Gari juani, dunia juani: mfano unapogoma

"Je, dunia inapata joto kama gari lililofungwa vioo juani?"

Nusu tu. Nusu nyingine ilinidanganya miaka mingi.

Chukua gari lililoachwa karibu na soko la Majengo, Dodoma, mchana wa Oktoba. Usukani unashikwa kwa ncha za vidole na chuma cha mkanda kinaunguza. Mwanga wa jua umepenya kiooni ukapiga dashibodi nyeusi, nayo ikapata moto na kuanza kutoa miali ya joto isiyoonekana kwa macho. Miali hiyo kioo hakiipitishi kama kinavyopitisha mwanga. Mimi nilikuwa naishia hapo: joto limenaswa na kioo, basi.

Sasa shusha vioo vyote vya milango, upepo upite. Paa lipo, kioo cha mbele kipo, cha nyuma kipo, lakini ndani panapoa upesi. (Kuacha upenyo wa vidole viwili hakusaidii sana, wala usimwache mtoto kwa kuutegemea.) Kumbe kilichozuiliwa zaidi ni hewa ya moto. Mwaka 1909 Mmarekani Robert Wood alianika juani visanduku viwili, kimoja kimefunikwa kwa kioo, kingine kwa kipande cha chumvi ya mwamba, ambayo huipitisha miali ya joto. Alipouchuja kwanza mwanga wa jua kwa kioo, tofauti ya joto la visanduku hivyo ilikuwa kama digrii moja tu. Lilikuwa jaribio dogo, na mwenyewe alikiri hakulichimba sana jambo hilo.

Angani hakuna kioo, na hewa ya moto hupanda itakavyo. Ila dunia ina njia moja tu kubwa ya kutua joto lake: kutoa miali hiyo hiyo kwenda anga za mbali. Mvuke wa maji na hewa ya ukaa huinyonya, kisha huitoa upya pande zote, nyingine ikirudi chini.

Fikiria simtanki lenye bomba linaloingiza maji bila kukoma na tundu chini linalotoa kiasi kile kile. Ziba tundu kidogo. Maji yatapanda, na kadiri kina kinavyoongezeka ndivyo yanavyosukuma kwa nguvu, hadi yanayotoka yalingane tena na yanayoingia. Hakuna maji yaliyofungiwa. Kina tu ndicho kimekuwa kikubwa. Kina hicho ndicho joto la dunia: wastani wa nyuzi 15 hivi, badala ya 18 chini ya sifuri ambazo zingekuwepo bila gesi hizo.

Ukitaka kulihisi tundu lenyewe, lala Dodoma usiku wa Julai. Hewa ni kavu, mawingu hakuna, na joto la mchana linatoroka juu hadi unatafuta blanketi. Dar es Salaam, hewa imejaa mvuke, feni inazunguka usiku kucha. Bahari na mwinuko wa Dodoma, zaidi ya mita 1,100, navyo vina mkono wake hapo.