Mchezo wa sauti pekee: jinsi mchezaji asiyeona anavyoutafuta mlango kwa masikio

Mchezo wa sauti pekee ni mchezo wa kompyuta au wa simu ambao kila jambo analohitaji mchezaji ili aamue hatua inayofuata humfikia kwa njia ya masikio. Skrini inaweza kuwa nyeusi kabisa na mchezo usipungukiwe na kitu. Hapo ndipo unapotofautiana na mchezo wa picha uliobandikiwa sauti ya kusoma menyu, kwa sababu mchezo wa namna hiyo humsomea mchezaji majina ya vitufe lakini humwacha gizani mara tu mchezo wenyewe unapoanza.

Michezo hii si ya aina moja. Mwaka 1997, kampuni ya Warp ya Japani ilitoa "Real Sound: Kaze no Regret" kwa mashine ya Sega Saturn; ni hadithi inayosikilizwa bila picha, na mchezaji huchagua njia kila inapofika njia panda. Mwaka 2010 ulitoka "Papa Sangre" kwa ajili ya iPhone, ambao humtaka mchezaji atembee gizani kwa kugusa mguu wa kushoto na wa kulia kwa zamu, akifuata sauti zilizomzunguka. Makala haya yanahusu aina hii ya pili, yaani mchezo wenye nafasi, ambamo mchezaji ana mahali aliposimama, ana upande anaoutazama, na vitu viko mbele yake, nyuma yake na ubavuni mwake. Ugumu wa ubunifu uko huko hasa.

Tuchukue chumba kimoja na tukifuate hadi mwisho. Kina upana wa mita 10 kutoka magharibi hadi mashariki na urefu wa mita 8 kutoka kusini hadi kaskazini. Mchezaji amesimama karibu na kona ya kusini-magharibi, mita 2 kutoka kila ukuta, akitazama kaskazini. Mlango anaoutafuta uko kwenye ukuta wa kaskazini, mita 8 kutoka ukuta wa magharibi, kwa hiyo uko digrii 45 kuliani kwake, umbali wa takriban mita 8.5. Katikati kabisa ya mstari unaowaunganisha kuna shimo lenye maji, ambalo kingo zake ziko mita 1 kutoka kitovu chake. Mlango unatoa sauti ya funguo zinazogongana, na shimo linatoa sauti ya maji yanayochemka.

Masikio hujuaje kwamba funguo ziko kulia? Sauti hulifikia sikio la kulia mapema kidogo kuliko la kushoto. Tofauti hiyo, hata sauti ikiwa ubavuni kabisa, ni takriban milisekunde 0.7 tu, lakini ubongo huitambua. Zaidi ya hayo, kichwa huzuia sehemu ya sauti isifike upande wa pili, na kizuizi hicho hufanya kazi zaidi kwa sauti nyembamba za juu kuliko kwa sauti nzito za chini. Ndiyo maana mlio wa funguo, wenye migongano mifupi na masafa mengi ya juu, ni chaguo zuri kwa kitu kinachopaswa kutafutwa, ilhali mngurumo mzito wa mfululizo humwambia mchezaji kwamba kitu kipo bila kumwonyesha vizuri kiko wapi.

Hata hivyo, alama hizo mbili zina upungufu mkubwa, nao ndio huvuruga michezo mingi ya wanaoanza. Sauti iliyo digrii 45 kulia mbele, na sauti iliyo digrii 135, yaani kulia nyuma, huyafikia masikio mawili kwa tofauti inayokaribia kuwa ileile. Kinachotusaidia kuzitenganisha katika maisha ya kila siku ni umbo la sikio la nje, ambalo hubadilisha rangi ya sauti kulingana na inakotokea. Programu inaweza kuiga mabadiliko hayo kwa kutumia vipimo vilivyochukuliwa kwenye masikio ya watu au ya sanamu ya kichwa. Katika kivinjari cha wavuti, kwa mfano, kazi hiyo huombwa hivi, `panner` ikiwa sehemu ya programu inayoipa sauti mahali pake, na HRTF ikiwa jina la vipimo hivyo:

```
panner.panningModel = "HRTF";
panner.distanceModel = "inverse";
panner.refDistance = 1;
panner.rolloffFactor = 1;
```

Mstari wa kwanza ndio wenye uzito. Usipouandika, kivinjari hutumia `"equalpower"`, ambayo hugawa sauti kati ya kushoto na kulia tu na kuukunja upande wa nyuma uangukie mbele. Mbunifu anayeitazama ramani kwenye skrini hatahisi kasoro yoyote, kwa kuwa macho yake yameshamwambia mlango uko wapi. Mchezaji asiyeona ataugeukia ukuta wa nyuma na kuanza kutembea kwa ujasiri kuelekea pasipo na kitu.

Lakini hata vipimo hivyo havitoshi, kwa sababu masikio yako si yale yaliyopimwa, na wasikilizaji wengi huendelea kuchanganya mbele na nyuma wanapotumia hedifoni. Suluhisho la kweli ni kumpa mchezaji uwezo wa kugeuka na kusikia matokeo papo hapo. Katika chumba chetu, mchezaji akigeuka digrii 30 kulia, mlango ulio mbele unatoka digrii 45 na kubaki digrii 15: sauti inasogea katikati. Kama mlango ungekuwa nyuma, ungetoka digrii 135 na kuwa digrii 105: sauti ingesogea kuelekea sikio la kulia. Mzunguko mdogo tu unamaliza shaka yote. Kwa maoni yangu, hili ndilo jambo la kwanza kulijenga na kulijaribu, kabla ya hadithi, kabla ya maadui na kabla ya muziki: kugeuka kwa hatua ndogo zinazolingana, kila hatua ikiwa na mlio wake mfupi, na sauti zote za chumba zikizunguka bila kuchelewa. Wabunifu wengi huongeza pia ukungu kidogo kwenye sauti zilizo nyuma kwa kupunguza masafa ya juu. Si uhalisia kamili, lakini mchezaji huizoea haraka na humsaidia.

Sasa turudi kwenye shimo. Liko upande uleule wa digrii 45, umbali wa mita 4.2, yaani nusu ya umbali wa mlango. Kwa mpangilio tulioandika juu, kila umbali unapokatwa nusu sauti huongezeka kwa takriban desibeli 6, kwa hiyo kama vyanzo vyote viwili vina nguvu sawa, maji yatasikika kwa desibeli 6 zaidi ya funguo. Vikitumia masafa yaleyale, maji yatazimeza funguo na mchezaji hatajua kwamba kuna mlango. Kwa sababu hiyo maji hupewa sauti ya chini inayoendelea, na funguo hupewa mapigo mafupi ya juu, mawili kwa sekunde, yanayojitokeza juu ya maji.

Mchezaji akitembea moja kwa moja kaskazini, jambo zuri hutokea. Baada ya mita 3, shimo liko kuliani kwake kabisa, digrii 90, ilhali mlango umefika digrii 63 tu. Baada ya mita 5, shimo limeshapita nyuma hadi digrii 124, na mlango uko digrii 80 hivi. Kitu kilicho karibu kimesogea haraka kuliko kilicho mbali, na kwa mwendo huo peke yake mchezaji anatambua kwamba maji yako kati yake na funguo. Sasa anaweza kugeuka mashariki na kulipita shimo akiwa mita 2 kutoka kitovu chake, huku maji yakibaki kuliani muda wote. Hakuna maneno yaliyohitajika kumweleza haya, na akifaulu, ameufahamu mpango wa chumba mwenyewe.

Maneno yana kazi nyingine: kusema lile ambalo sauti haiwezi kulisema. Mlio hauwezi kutaja jina la kitu, idadi ya funguo zilizosalia wala upande wa dira. Kwa hiyo mchezaji hupewa kitufe cha kuuliza, na jibu huanza na neno lenye manufaa zaidi: "Kulia, mita 8, mlango." Sentensi ndefu inayoanza na "Mlango unaoutafuta uko..." humchelewesha, na akishasikia ya kutosha anapaswa kuweza kuikatiza kwa kubonyeza kitufe kingine chochote. Ni afadhali pia maneno hayo yapelekwe kwa kisoma skrini cha mchezaji mwenyewe, yaani programu inayomsomea kwa sauti yaliyo kwenye skrini, kwa kuwa watumiaji wazoefu hukisikiliza kwa kasi kubwa waliyoichagua wao, na sauti iliyorekodiwa huwalazimisha kusubiri. Ile iliyorekodiwa ibaki kwa wahusika wa hadithi.

Kosa la maneno lililo gumu kuligundua ni foleni. Mchezaji anauliza umbali, anapiga hatua tatu upesi, na ndipo programu inasema "mita 8", ambayo si kweli tena. Ujumbe unaohusu mahali hauna budi kufutwa mara mchezaji anaposogea, na onyo la hatari liwe na haki ya kukatiza kila kitu. Vilevile, maneno yanaposemwa, sauti za chumba zishushwe kidogo lakini zisizimwe, la sivyo mchezaji hupoteza mwelekeo kila anapouliza swali.

Kila kitufe kijibu, hata kama jibu ni kwamba haiwezekani. Mchezaji akigonga ukuta na kusikia kimya, hawezi kujua kama amezuiwa au mchezo umeganda. Mlio wa kujigonga, ukitokea upande ule ukuta ulipo, unamaliza jambo.

Yapo mambo ambayo ubunifu hauwezi kuyashinda. Spika za kawaida huvuruga alama za mbele na nyuma kwa sababu kila sikio husikia spika zote mbili, hivyo hedifoni ni sharti, na mchezo uanze kwa kutamka "kushoto" na "kulia", kila neno kwenye sikio lake, ili aliyezivaa kinyume ajue. Hedifoni za bluetooth huchelewesha sauti, mara nyingi zaidi ya milisekunde 100, na kugeuka huonekana kuwa kuzito hata kama programu haina kosa. Tena wapo wachezaji wasioona wanaosikia kwa sikio moja tu, na wengine wameweka simu zao zichanganye pande zote mbili kuwa moja. Kwao chumba chote tulichokieleza hubanwa kuwa nukta. Wapewe hali mbadala ambamo funguo hupanda sauti kadiri mchezaji anavyoukaribia upande sahihi, na kitufe cha kuuliza hutaja digrii: "Kulia 45, mita 8."