Mmegombana na mwenzako wa biashara: msuluhishi, abitresheni au mahakamani?

Mimi ni wakili, kazi zangu nyingi ziko Mtwara na Lindi, na msimu wa korosho ukikaribia simu huwa zinaongezeka, ni watu waliochanga hela wakaanza biashara na sasa hata salamu hakuna. Swali la kwanza karibu kila mara ni "wakili, tumfungulie kesi?" Kabla sijajibu huwa namuuliza: unataka nani alazimishwe kufanya nini?

Nauliza hivyo kwa sababu njia hizi tatu zinatofautiana hasa kwenye nguvu ya kulazimisha. Msuluhishi hamlazimishi mtu yeyote, anawasaidia muelewane na mkishindwa anafunga daftari lake. Mwamuzi wa abitresheni anatoa uamuzi unaowafunga, lakini unawafunga nyie mliokubali kwenda kwake. Mahakama peke yake ndo inaweza kumfikia na mtu wa tatu, mfano benki iliyoshika akaunti au mtu anayetaka kununua mali yenu.

Nichukue kesi moja, nimebadilisha vitu kidogo ili wahusika wasijulikane. Wawili walinunua Fuso ya kubeba korosho na ufuta kutoka vijijini kwenda maghala makuu. Mmoja wa Masasi alitoa milioni 27, mwenzake wa Mtwara mjini milioni 18, na huyu wa mjini ndo alikuwa anasimamia gari, dereva, matengenezo, kila kitu, na kadi ya gari ikaandikwa jina lake. Mkataba wao ulikuwa karatasi moja ya kuonyesha nani katoa kiasi gani, faida itagawanywaje haikuandikwa. Baada ya misimu michache wa Masasi akaanza kuambiwa kila siku gari mbovu, hela hamna, halafu siku moja anaona picha ya Fuso yao kwenye grupu la WhatsApp inauzwa.

Abitresheni hapa ilikufa mapema. Inahitaji makubaliano, ama kifungu kwenye mkataba ama mkubaliane baada ya ugomvi kuanza, na watu wakishagombana kusaini karatasi nyingine pamoja ni kazi kweli kweli.

Usuluhishi nao peke yake ulikuwa hatari, maana wakati mnakaa vikao gari linaweza kuwa limeshapakiwa mzigo linaelekea Songea na mwenye nalo mpya. Tulichohitaji kwanza ni zuio la muda. Kwa hiyo tukafungua kesi, na pamoja nayo maombi ya zuio chini ya hati ya dharura, kwamba gari lisiuzwe wala kadi isihamishwe mpaka kesi iishe.

Zuio halipatikani kwa kulia tu. Mahakama zetu zinafuata vigezo vitatu vya kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe ya 1969: kuwe na hoja ya msingi ya kusikilizwa, kuwe na madhara ambayo mahakama isipoingilia hayatarekebishika, na iangaliwe nani ataumia zaidi zuio likitolewa au likinyimwa. Watu wengi wanaanguka kwenye cha pili, kwa sababu upande wa pili atasema "hii ni hela tu, akishinda nitamlipa". Ndo maana tuliweka ushahidi kwamba jamaa hana mali nyingine inayojulikana ya kulipia, na tukaambatanisha lile tangazo la WhatsApp likionyesha tarehe na namba. Kadi kuwa na jina lake haikumsaidia sana, maana mali iliyonunuliwa kwa hela ya ubia kwa ajili ya ubia inachukuliwa ni ya ubia, labda ionekane walikusudia vingine.

Zuio likatoka. Na hapa kuna kitu wateja wengi hawakijui, kesi ya madai ya aina hii ukishaifungua, baada ya mdaiwa kujibu (ana siku 21) mahakama yenyewe inawapeleka kwenye usuluhishi kwanza, chini ya hakimu au jaji mwingine, na muda wake ni siku 30 tangu kikao cha kwanza. Humlipi huyo msuluhishi, na mnayoongea mle hayatumiki kama ushahidi mkirudi kwenye kesi. Kwa hiyo mtu anayesema "mimi nachagua mahakama sitaki usuluhishi" ataukuta huko huko.

Kwenye usuluhishi wa Masasi alikuja anadai asilimia 60 ya faida zote. Nikamwambia ukweli mapema, sheria ya ubia inasema kama hamkukubaliana vingine faida ni nusu kwa nusu, haijalishi nani alitoa mtaji mkubwa. Hilo lilimpunguza presha. Mwenzake naye alidai katumia milioni 9 za matengenezo, risiti tulizoziona zikafika milioni 6. Gari likathaminiwa milioni 36. Wakakubaliana waachane na hesabu za faida za nyuma, gari wagawane 60 kwa 40 kama walivyochanga, na matengenezo hivyo hivyo. Kwa hiyo wa Masasi haki yake kwenye gari ni milioni 21.6, toa fungu lake la matengenezo milioni 3.6, anabaki na milioni 18. Gari likabaki kwa wa mjini, akalipa milioni 8 siku ile na 10 zinazobaki mwisho wa Januari akishakula msimu, na zuio likabaki kwenye gari mpaka amalize. Makubaliano yakasajiliwa mahakamani yakawa amri ya mahakama, yaani asipolipa hatuanzi kesi upya, tunaomba utekelezaji moja kwa moja. Mngesuluhishwa nje ya mahakama na mkaishia kwenye karatasi yenu tu, huo ni mkataba, akikiuka itabidi umshtaki kwa huo mkataba.

Sasa abitresheni inafaa lini? Kama mna kifungu chake tayari, ugomvi ni wa kitaalamu (ubora wa korosho zilizobanguliwa, hesabu za kiwanda), hamtaki mambo yenu yasikike hadharani, na hela inayogombaniwa ni kubwa kiasi cha kubeba gharama, kwa sababu mwamuzi mnamlipa nyie na wengi wako Dar, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa. Kwa ile Fuso ingekula sehemu kubwa ya walichokuwa wanagombania. Pia ujue uamuzi wake hauukatii rufaa kirahisi, mahakama chini ya sheria ya abitresheni ya 2020 inaangalia zaidi kama alikuwa na mamlaka na kama utaratibu ulivunjwa vibaya, sio kama wewe ungehesabu tofauti.

Na kama mna kifungu halafu mwenzako akakimbilia mahakamani, usikimbilie kujibu madai yake! Omba kwanza kesi isimamishwe muende kwa mwamuzi, ukishawasilisha utetezi unahesabika umeikubali mahakama. Nimepokea faili za watu ambao walishajibu kabla hawajaonyesha mkataba kwa mtu yeyote, na kifungu kizuri kabisa kikawa hakina kazi.

Jambo la mwisho ni muda. Madai ya mkataba yana miaka 6 tangu haki ya kudai ilipoanza, na vikao vya wazee au vya msuluhishi wa nje havisimamishi hiyo saa, kwa hiyo mkiwa kwenye mwaka wa 5 mnaongea tu, fungua kesi kwanza halafu muendelee kuongea.