“On” ya Kifaransa: tafadhali usidai “mtu” au “wao” kila mahali

Malalamiko yanayofika siku hizi kwenye kitengo chetu cha uhakiki wa tafsiri yanahusu sana kiwakilishi cha Kifaransa “on”. Mteja analinganisha hati mbili, haoni “mtu” wala “wao” kwenye Kiswahili, basi anaamini mfasiri ameruka neno. Hajaliruka. Amelihamishia ndani ya kitenzi, na huko ndiko mahali pake.

Chukua “On m’a volé mon sac”. Mwizi hajulikani. Kiingereza hutumia kauli ya kutendwa na kuufanya mkoba kuwa kiima: “My bag was stolen”. Kiswahili humtanguliza aliyepatwa na jambo: “Nimeibiwa mkoba”. Hapo pana kutendea na kutendwa kwa pamoja, iba, ibia, ibiwa. Ukiandika “nimeibwa”, ni wewe uliyechukuliwa. Vivyo hivyo, “On vous téléphonera” ni “Utapigiwa simu”. Ukiandika “Watakupigia simu”, msomaji ana haki ya kuuliza ni akina nani, maana hawajatajwa popote. “Wanasema” huweza kubeba maana ya watu kwa jumla, lakini katika hati rasmi tunapendelea “inasemekana”.

Ugumu wenyewe uko kwenye maelezo ya mashahidi, kwa sababu katika mazungumzo “on” mara nyingi ni “sisi”. Shahidi anaandika: “On a ouvert le coffre. On est repartis à midi.” Je, kasha lilifunguliwa na asiyejulikana, au “tulifungua kasha”? Tafsiri ya pili ni kukiri. Tazama “repartis”: ile “s” ya mwisho ni ya wingi, kwa hiyo walioondoka ni kundi, na kwa kawaida msemaji yumo. Haitamkwi, hivyo kwenye sauti iliyorekodiwa hutaisikia. Isipokuwepo nayo si ushahidi wa kinyume, kwani wengi huandika umoja hata wakimaanisha “sisi”. Na hata ikiwepo, inathibitisha sentensi ya pili tu. “On” ya kwanza inaweza kuwa ya mtu mwingine kabisa.

Kwa hiyo utaratibu wetu ni huu. Mhakiki husoma hati nzima akitafuta “nous” au “notre”, yaani “sisi” au “-etu”, karibu na sentensi husika. Asipopata uthibitisho, huandika “Kasha lilifunguliwa”, na kwa Kiingereza “The safe was opened”, kisha huweka tanbihi kwamba mtendaji hakutajwa bayana katika Kifaransa na kwamba huenda msemaji amejumuishwa. Tanbihi hiyo haiondolewi kwa ombi la mteja. Ikifutwa baada ya muhuri, tafsiri inakuwa batili na hati huanza uhakiki upya, ada ikiwemo. Anayetaka “tulifungua” alete ufafanuzi wa maandishi wa shahidi mwenyewe, uliotiwa saini, nasi tutauambatanisha. Kauli ya wakili kwamba “maana iko wazi” haitoshi.